Kadi ya Kliniki Inapofika Mlango wa Shule

Zamani mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto. Aliyelifikia aliandikishwa, aliyeshindwa alirudishwa nyumbani. Kipimo hicho kilipima urefu wa mkono, si umri. Mtoto aliyedumaa angeweza kutimiza miaka 7 bila kuligusa sikio lake. Leo mtoto wa Tanzania huandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na umri huo huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Pale cheti kinapokosekana, macho yote huelekea kwenye kadi ya kliniki. Kwa hiyo mwandiko wa muuguzi wa siku ya kwanza huweza kuamua mwaka ambao mtoto ataanza shule.

Tuchukue mfano wa mama aliyehama kutoka Kigoma kwenda Morogoro na watoto wawili. Mwezi Novemba 2025 alimpeleka mwanawe wa kiume kuandikishwa kwa ajili ya Januari 2026. Kadi ilikuwa imelowa mvua safarini. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka 12, mwaka 2020, lakini tarakimu ya mwezi ingeweza kuwa 1 au 7. Mwalimu aliisoma 7. Kwa hesabu hiyo mtoto angekuwa na miaka 5 na nusu, hivyo mama akaambiwa asubiri mwaka mwingine.

Mama aliipeleka kadi kwenye zahanati ya jirani na kumwomba muuguzi aikoleze ile 1 kwa kalamu. Muuguzi alikataa, na alifanya vyema: tarehe iliyokolezwa huonekana kama tarehe iliyoghushiwa, na kadi nzima hupoteza thamani. Badala yake alifungua ukurasa wa chanjo. Dozi ya kwanza ya Penta, ambayo hutolewa mtoto anapotimiza wiki 6, ilikuwa imeandikwa tarehe 24 Februari 2020. Ukihesabu siku 42 kurudi nyuma, unafika tarehe 13 Januari. Mtoto aliyezaliwa Julai hangeweza kuchanjwa Februari ya mwaka uleule. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela, inayotolewa katika miezi 9, iliandikwa tarehe 13 Oktoba 2020, nayo iliafikiana na kuzaliwa tarehe 12 Januari.

Hesabu hii ina mpaka wake. Chanjo huweza kucheleweshwa. Kwa hiyo tarehe yake hutuonyesha kwamba mtoto hakuzaliwa baada ya siku fulani, lakini haituambii siku yenyewe. Ndiyo maana muuguzi hakuishia hapo. Aliwasiliana na zahanati ambako mtoto alizaliwa, wakatafuta katika rejesta ya wodi ya wazazi kwa jina la mama: mtoto wa kiume, kilo 2.9, tarehe 12 Januari 2020. Zahanati ile iliandika barua yenye namba ya mstari wa rejesta, saini na mhuri. Barua na kadi, iliyoachwa kama ilivyo, vikapelekwa kwa mwalimu mkuu, naye akamwandikisha mtoto.

Cheti bado kilihitajika. Kwa kuwa mtoto alikuwa amevuka siku 90 tangu kuzaliwa, usajili wake ulihesabiwa kuwa wa kuchelewa, na maombi hupelekwa RITA kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Barua ileile ya zahanati ilitumika tena kama ushahidi.

Dada yake, aliyekuwa akisoma darasa la pili Kigoma, alihitaji jambo tofauti. Mama alidhani ingetosha kumwandikisha upya. Lakini mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo humfuata mpaka mtihani wa mwisho. Akiandikishwa upya, huonekana kuwa watoto wawili: mmoja mtoro Kigoma, mwingine mgeni Morogoro. Njia sahihi ni shule mpya kuthibitisha kwamba nafasi ipo, kisha shule ya awali kumhamisha, jina lake likihama pamoja na namba yake.

Hapo likajitokeza tatizo la mwisho. Shuleni binti alitumia jina la babu, ilhali kadi ya kliniki ilikuwa na jina la baba. Mama alionyesha tofauti hiyo kabla uhamisho haujakamilika, ikashughulikiwa mapema. Ingeachwa, ingekuja kuonekana wakati wa mtihani, shule ya kwanza ikiwa mbali.

Kwa mzazi, kazi ya jioni moja inatosha: weka kadi, tangazo la kizazi na karatasi za shule mezani, ulinganishe majina matatu na tarehe moja. Kwa muuguzi, mwezi wa kuzaliwa uandikwe kwa herufi. "Januari" haifanani na "Julai" hata ikilowa.