Kusoma mistari ya mwendo katika Blender

Chagua mpira uliouhuisha udunde, kisha fungua Graph Editor. Mstari wa buluu, Z Location, ni kimo chake: kwenda kulia ni muda kwa fremu, kwenda juu ni thamani. Usiudhani kuwa njia ya mpira angani. Hata mpira unaodunda papo hapo huchora vilima. Mstari ukisimama wima zaidi, mpira unakwenda kasi zaidi. Kileleni, ulipo bapa, mpira umetulia kidogo.

Tuseme unagusa sakafu fremu ya 12, lakini kwa ulaini, kama umetua kwenye godoro. Tazama bonde la mstari hapo: limeviringika. Bonyeza B, zungushia kisanduku nukta hiyo pekee, kisha bonyeza V na uchague Vector. Bonde linachongoka, na mpira unagonga sakafu kwelikweli.