Chanzo, kichocheo na matokeo ya vita
Chanzo, kichocheo na matokeo ya vita ni mambo matatu ambayo wanahistoria huyatenganisha wanapoeleza kwa nini vita kubwa ilianza. Mfano unaojulikana sana ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip, Mserbia wa Bosnia, alimwua mjini Sarajevo Franz Ferdinand, mrithi wa taji la Austria-Hungaria. Mauaji hayo yalikuwa kichocheo tu. Mwaka 1898 Mwitalia alimwua Elisabeth, mke wa Kaisari wa Austria, mjini Geneva, na vita haikutokea.

Tofauti ilikuwa katika chanzo. Kufikia 1914 Austria iliiogopa Serbia kwa mvuto wake kwa Waslavi wa kusini waliokuwa chini ya Kaisari. Nyuma ya Serbia ilisimama Urusi, rafiki wa Ufaransa, na nyuma ya Austria Ujerumani. Hivyo Austria ilipoishambulia Serbia, mataifa hayo yote yaliingia vitani ndani ya siku chache.

Ujerumani kupoteza Tanganyika ni tokeo. Tokeo haligeuki kuwa chanzo, isipokuwa ikithibitishwa kwamba lilikusudiwa kabla ya vita.