Fizi: Ripoti ya kabine ya pesa yaweza kukosa majina na bado ikamtaja mteja

Kwenye barabara ya kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Makobola kupitia Swima na Mboko mpaka Baraka, kabine za kutuma na kupokea pesa kwa simu zimekuwa benki ya wakaaji wengi. Kila malipo huacha jina, namba ya simu, kijiji, kiasi na saa. Siku hizi wenye kabine kadhaa hawasubiri tena daftari za karatasi: kompyuta inasoma malipo na kutuma ripoti yenyewe jioni, mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Ripoti ikiingia kwenye simu 10, hakuna anayejua itafika wapi. Katika eneo la Fizi, ambako watu wenye silaha na wezi wa barabarani wanajulikana, kuonyesha nani amepokea pesa nyingi leo ni kumweka mtu hatarini. Lakini mwenye kabine anahitaji ripoti hiyo, la sivyo hatajua apeleke pesa taslimu kiasi gani Mboko kesho asubuhi. Je, ripoti inaweza kusaidia bila kumtaja mteja?

Kufunika namba hakutoshi

Wengi huanza kwa kufuta jina na kufunika namba kwa nyota, wakiacha tarakimu mbili za mwisho. Kwa mji wa watu milioni, hilo linasaidia. Kwa Mboko, hapana. Tuseme kabine ilihudumia wateja 38 siku hiyo. Miisho ya tarakimu mbili iko 100 tu, kuanzia 00 mpaka 99. Kwa hesabu ya kawaida, wateja 26 hivi kati ya hao 38 watakuwa na mwisho ambao mwenzao yeyote hana. Jirani mwenye namba zao katika simu yake atawatambua haraka.

Wengine hugeuza namba kuwa mfululizo wa herufi usiosomeka, kwa hesabu inayoitwa SHA-256. Ni kweli kwamba hesabu hiyo hairudi nyuma. Lakini namba za Kongo zinazoanza na 081 zinabakiza tarakimu 7, yaani namba milioni 10 tu. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa muda mfupi sana, kisha ikalinganisha matokeo na ripoti. Dawa yake ni kuchanganya namba na ufunguo wa siri kabla ya kuigeuza, na ufunguo huo usikae mahali pamoja na ripoti. Hata hivyo, alama inayopatikana itumike ndani ya kompyuta tu, kuhesabu kama mteja yuleyule amerudi mara tatu. Haina kazi yoyote kwenye ripoti.

Funzo la Goma

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, ilikuwa lazima kujua watu wamekwenda wapi. Shirika la Flowminder lilitumia data za simu za mkononi kukadiria mwendo wa wakaaji hao. Msaada haukuhitaji jina la mtu. Ulihitaji idadi kwa kila eneo.

Programu ya shirika hilo, FlowKit, ina kanuni rahisi: kundi lenye watu 15 au pungufu halitolewi kwenye matokeo. Mtu mmoja hujificha kati ya wengi, lakini hawezi kujificha kati ya watatu.

Mfano wa kabine nne

Tuchukue mfano wa kubuni, wa siku moja. Baraka: wateja 212, franka 25 440 000. Mboko: wateja 38, franka 3 800 000. Swima: wateja 19, franka 1 710 000. Makobola: wateja 3, franka 2 550 000. Jumla ni wateja 272 na franka 33 500 000.

Kwa kanuni ya 15, Makobola inafutwa. Lakini mwenye kabine ameacha jumla chini ya ripoti. Msomaji akitoa Baraka, Mboko na Swima kwenye jumla hiyo, anabaki na wateja 3 na franka 2 550 000. Kilichofichwa kimetoka kwa hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa shule anaijua. Kwa hiyo kundi dogo halifutwi peke yake. Linaunganishwa na jingine. Ripoti sasa inasema "vijiji vingine": wateja 22, franka 4 260 000.

Bado kuna tatizo. Kati ya wale watatu wa Makobola, mfanyabiashara mmoja alipokea franka 2 400 000. Yeye peke yake ni zaidi ya nusu ya pesa zote za "vijiji vingine". Anayejua kwamba vijiji hivyo kwa kawaida hupokea chini ya milioni mbili ataona mara moja kuwa mtu mmoja amepata pesa nyingi, na kijijini wafanyabiashara wakubwa hawazidi wachache. Idadi ya wateja inatosha, lakini kiasi kinamfichua.

Njia moja ni kuweka kikomo. Katika ripoti, malipo yoyote yanayozidi franka 500 000 yahesabiwe kama 500 000. "Vijiji vingine" sasa ni franka 2 360 000, na mkubwa wao ana kama sehemu moja ya tano tu. Kama hakuna mwingine aliyepita kikomo, jumla nayo inakuwa 31 600 000. Ni lazima ihesabiwe kutoka kwenye kiasi kilichowekewa kikomo. Ukiacha ile ya zamani, hesabu ya kutoa inamrudisha mfanyabiashara yuleyule.

Kikomo kina gharama yake. Anayepanga pesa za kesho kwa ripoti hiyo atapeleka kidogo mno Makobola. Kwa hiyo malipo makubwa ayaangalie mwenye kabine mwenyewe, kwenye daftari lililofungwa, wala si kwenye kundi la wafanyakazi.

Saa nayo inasema

Ripoti inayojibadilisha kila dakika inavunja kazi yote hiyo. Saa 11 jioni ilisema Mboko ina wateja 38. Dakika tano baadaye inasema 39, na pesa zimeongezeka kwa franka 300 000. Aliyekuwa amekaa mbele ya kabine anajua nani ametoka. Ni afadhali ripoti moja baada ya kufunga, na kwa vijiji vidogo, moja kwa wiki.

Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, ordonansi-sheria namba 23/010, na ndani yake mna sehemu ya kulinda data za mtu binafsi. Lakini kabla ya sheria kuna jaribio ambalo kila mwenye kabine anaweza kulifanya: ampe ripoti ya jana mtu anayeijua Mboko vizuri, asiyefanya kazi kwake, na kumwomba ataje mteja hata mmoja. Akiweza, ripoti hiyo haijawa tayari kutumwa.