Moduli mpya, taa haiwaki

Maktaba ya chuo kimoja mjini Dodoma ilikatika mtandao Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumatano mchana moduli mpya ilikuwa imeshachomekwa kwenye swichi ya chumba cha seva. Taa ya mlango wake haikuwaka. Fundi kijana aliichomoa, akaichomeka tena, akaizima swichi na kuiwasha, kisha akafanya wanachofanya mafundi wengi wakifika hapo: akatangaza kwamba dukani wamemuuzia mbovu.

Moduli haikuwa mbovu. Lakini hitimisho lake si la kuchekwa, kwani ni kidude cha chuma kinachoenea kwenye vidole viwili, kinachochomekwa kwenye tundu la swichi ili kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Moduli mbili zaweza kufanana kama pacha huku moja ikiongea lugha ambayo nyingine haiisikii. Zile za gigabiti 1 na za gigabiti 10 zina umbo lile lile, ila mlango wa gigabiti 1 hauwezi kuitumia moduli ya gigabiti 10. Kuna swichi zinazoikataa moduli isiyo na chapa ya kampuni yao na kuufunga mlango kabisa. Na kuna suala la rangi ya mwanga, ambayo kwa mafundi hupimwa kwa urefu wa wimbi, yaani nanomita.

Makosa ya kawaida zaidi ni kuchanganya 850 na 1310. Moduli ya nanomita 850 imetengenezwa kwa ajili ya faiba ya malti-modi, ambayo kiini chake cha kupitishia mwanga kina upana wa mikroni 50 au 62.5, na waya wake kwa kawaida huvikwa ganda la rangi ya chungwa au la samawati ya bahari. Ya 1310 hutumia singo-modi, ganda la njano, kiini mikroni 9 hivi. Ukiichomeka ya 850 kwenye waya wa njano, mwanga mwingi unakosa mlango wa kuingilia, kama ndoo ya maji inayomiminwa kwenye shingo ya chupa. Na hata hicho kidogo kinachopenya kinafika kwa kipokezi kilichotengenezwa kusubiri kitu kingine.

Hapo chuoni, hata hivyo, waya ulikuwa wa njano na moduli ilikuwa ya singo-modi. Tatizo lilikuwa la kuchekesha kidogo: fundi alikuwa amenunua moduli inayofanana mno na mwenzake.

Kati ya chumba cha seva na maktaba kuna mita kama 600, na uzi wa faiba uliobaki mzima baada ya ujenzi wa barabara ya ndani ulikuwa mmoja tu. Kwenye uzi mmoja, swichi mbili haziwezi kutumia njia ya kwenda na ya kurudi kama kawaida, kwa hiyo hutumika moduli za jozi. Upande mmoja unatuma kwa nanomita 1310 na kusikiliza kwa 1490. Upande wa pili unatuma kwa 1490 na kusikiliza kwa 1310. Ndani ya kila moduli kuna kichujio kinachotenganisha mianga hiyo miwili ili mtumaji asijipigie kelele mwenyewe. Kwenye lebo huandikwa BX-U kwa ile inayotuma 1310, na BX-D kwa ile inayotuma 1490.

Moduli iliyokufa ilikuwa imefutika maandishi. Kijana akatembea mpaka maktaba, akasoma lebo ya iliyoko huko, akakuta BX-U, akapiga picha na kuipeleka dukani. Muuzaji akampa hiyo hiyo. Sasa kulikuwa na BX-U pande zote mbili: zote zinatuma 1310, zote zinasubiri 1490 isiyokuja. Ni kama watu wawili walioshikana kuongea kwa simu huku kila mmoja akiwa ameuweka mdomo kwenye kipaza sauti na hakuna aliyeweka sikio.

Jambo hili halihitaji kubahatisha, maana moduli nyingi za leo zinajipima zenyewe. Kwenye swichi za Cisco, kwa mfano, mstari mmoja unatosha:

```
show interfaces gi1/1/1 transceiver detail
```

Majibu huonyesha Tx, nguvu ya mwanga unaotoka, na Rx, nguvu ya mwanga unaofika. Kipimo ni dBm, na kwa kuwa kinaanzia sifuri kwenye miliwati 1, mwanga wa faiba karibu wote husomeka chini ya sifuri. Hesabu yake ni rahisi kwa kukumbuka mambo mawili: ikishuka kwa 3, mwanga umebaki nusu, ikishuka kwa 10, umebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo −20 ni sehemu moja ya mia ya miliwati.

Kijana alisoma Tx −6.1 na Rx −40. Tx hiyo ni nzuri kabisa, na ndiyo iliyoiondolea moduli lawama. Rx ya −40 kwa lugha ya swichi maana yake ni giza. Alimpigia simu fundi mwandamizi wa chuo, aliyekuwa maktaba akiangalia upande wa pili.

“Shikamoo mzee. Huko inasomaje?”

“Marahaba. Na huku giza tupu. Hebu nisomee lebo ya hiyo uliyonunua.”

“BX-U, kama ya huko.”

Kimya kidogo. “Basi rudi dukani, mwanangu. Waambie wakupe BX-D, na uhakikishe kwenye lebo pameandikwa 1490 na 1310, maana zipo za 1550 na 1310 na wauzaji huzichanganya.”

Alhamisi asubuhi BX-D ilifika. Taa bado haikuwaka, ila safari hii namba zilikuwa zimebadilika: chumba cha seva kilisoma Rx −24.3, na maktaba −23.9. Giza lilikuwa limeisha. Mwanga sahihi ulikuwa unafika, ila hafifu mno. Kiwango cha kimataifa cha moduli za aina hii kinaitaka isikie mpaka −19.5 hivi. Chini ya hapo haina ahadi.

Mzee alizitazama namba hizo mbili kwa pamoja kabla ya kugusa chochote, na hapo ndipo uzoefu unapoonekana. Faiba iliyokunjwa sana, labda imebanwa na mlango wa raki, huvujisha zaidi mwanga wenye wimbi refu. Kungekuwa na mkunjo, 1490 inayopokelewa maktaba ingekuwa imeumia kuliko 1310 inayopokelewa seva. Zilikuwa karibu sawa. Kitu kinachozuia rangi zote kwa kipimo kimoja mara nyingi ni uchafu, au vichwa viwili visivyogusana vizuri.

Akamuuliza kijana pachikodi ilikaa wapi tangu Jumatatu. Ilikuwa imening'inia mbele ya raki, bila kifuniko, kwa siku tatu. Na kabla ya kuichomeka? “Niliipangusa kwa shati.”

Mtu asiyejua faiba atashangaa kwa nini hilo ni kosa, kwa sababu konekta ile ilikuwa inang'aa. Lakini kwenye ncha ya kile kijiti cheupe cha kauri, sehemu inayofanya kazi ni kiini cha mikroni 9. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70. Chembe ya vumbi la Dodoma isiyoonekana kwa macho inatosha kuliziba dirisha lote, na ikibanwa kati ya vichwa viwili inaviachanisha na hata kuvikwaruza. Shati linaongeza nyuzi na mafuta ya jasho. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu wa mate. Kidole ndicho kibaya kuliko vyote.

Dawa yake ni kalamu ya kusafishia, yenye utepe mkavu ndani unaozunguka ukiisukuma mpaka ilie “tak”. Konekta ndogo za moduli zinahitaji kalamu ya milimita 1.25, zile kubwa za mraba, ya milimita 2.5. Uchafu ukigoma, hutumika kitambaa kisichoacha nyuzi kilichodondoshewa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mara moja kwa upande mmoja, kisha kukausha papo hapo, kwani alkoholi ikikauka yenyewe huacha doa. Mwenye darubini ya faiba hukagua kabla na baada. Asiye nayo asijaribu kuchungulia: mwanga wa 1310 na 1490 hauonekani, jicho halipepesi kujikinga, na kamera ya simu nayo haiuoni, hivyo skrini nyeusi haithibitishi kuwa leza imezimwa.

Walichomoa, wakasafisha ncha zote mbili za pachikodi ya chumba cha seva pamoja na tundu la moduli, wakachomeka. Taa ikawaka kijani. Rx: −13.2.

Kijana alianza kukusanya vifaa. Mzee, ambaye sasa alikuwa amerudi chumba cha seva, alimzuia kwa hesabu ya mdomo. Maktaba inatuma kwa −6. Mita 600 za singo-modi hazili hata nusu desibeli. Maungio manne ya njiani, hata kila moja likila nusu, jumla ni 2. Tungetarajia −8 au −9. Hizo 5 nyingine zimekwenda wapi?

Zilikuwa nyuma ya paneli, kwenye konekta ambayo haikuwahi kuguswa tangu paneli ifungwe. Kabla ya kuisafisha waliangalia kwanza rangi yake, kwa sababu siku hizi droo za mafundi zimejaa pachikodi za kijani zilizoachwa na waunganishaji wa intaneti ya majumbani. Kichwa cha kijani kimekatwa mshazari kwa nyuzi 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukivikutanisha vinaacha pengo, mwanga unapotea, na hakuna kiasi cha kusafisha kitakachosaidia. Hii ilikuwa bluu, ila chafu. Kalamu ililia mara mbili.

Rx −8.4. Maktaba nayo ikasoma −8.1.

Mzee alichukua kipande cha lebo, akaandika “Hapa BX-D 1490, maktaba BX-U 1310, Rx −8.4” pamoja na tarehe, akakibandika juu ya mlango wa swichi. BX-U ya Jumatano ilivalishwa kifuniko chake cha mpira na kuwekwa kwenye droo, akiba ya upande wa maktaba.