Kwa Nini Mihimili ya Histogramu Hugusana

Tuchukue zahanati ya kufikirika iliyohudumia wagonjwa 100. Kwa kila mmoja, karani ameandika mambo mawili: alikuja na tatizo gani, na alisubiri dakika ngapi kabla ya kumwona daktari. Akiyachora mambo hayo, kila grafu itakuwa na mihimili iliyosimama wima, na anayezitazama kwa haraka atazisoma kwa namna moja. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Grafu ya matatizo ni grafu ya mihimili ya kawaida, ya aina ambayo Mskochi William Playfair aliichapisha mwaka 1786 kuonyesha biashara ya Uskochi na sehemu mbalimbali za dunia. Malaria ina mhimili wake, mafua wake, vidonda wake. Unaweza kuanza na vidonda na kumalizia na malaria bila kuharibu chochote, kwa kuwa magonjwa hayana mpangilio wa namba. Kati ya malaria na mafua hakuna kitu cha kupima, kwa hiyo mihimili inaachana. Upana wake hausemi lolote. Kinachosomwa ni urefu tu.

Dakika za kusubiri ni habari nyingine. Zinakwenda mfululizo kwenye mstari wa namba: kabla ya kufika dakika ya 20 lazima upite 19 na nusu, na 19 na robo tatu. Tunapozikata kwa makundi, kundi la pili huanzia palepale la kwanza linapoishia, na mihimili hugusana kwa sababu muda wenyewe haukatiki. Mchoro huu ndio histogramu, jina alilolileta mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890. Ukiona nafasi tupu katikati yake, isome kama habari: hakuna mgonjwa hata mmoja aliyesubiri muda huo.

Wanafunzi wengi hukwama wanapokuta makundi yameandikwa 10–19, 20–29. Je, kati ya 19 na 20 tuache mwanya? La. Uliza namba zilivyoandikwa. Ikiwa karani alihesabu dakika zilizotimia, aliyesubiri dakika 19 na sekunde 40 yumo kundi la kwanza, na mpaka ni 20 kamili. Ikiwa alikadiria kwa dakika iliyo karibu zaidi, mpaka ni 19.5. Kwa vyovyote vile, makundi yanakutana.

Sasa upana. Tuseme wagonjwa 10 walisubiri chini ya dakika 10, wengine 20 kati ya 10 na 20, na 30 kati ya 20 na 30. Kisha karani akaweka kundi pana: wagonjwa 36 kati ya dakika 30 na 60. Wanne waliobaki walisubiri kati ya 60 na 100. Akichora urefu kwa kufuata idadi ya watu, mhimili wa 30–60 utakuwa mrefu kuliko yote na mpana mara tatu, na msomaji ataamini kwamba wengi walisota kwa karibu saa nzima.

Katika histogramu watu wamo ndani ya eneo la mhimili, yaani upana mara urefu. Kwa hiyo urefu hupatikana kwa kugawa idadi kwa upana. Makundi matatu ya kwanza yanapata 1, 2 na 3: wagonjwa kwa kila dakika. Kundi pana linapata 36 kugawa kwa 30, yaani 1.2, na la mwisho 0.1. Kilele kimehamia dakika 20 hadi 30, mahali wagonjwa walipojazana kweli. Makundi yakiwa na upana sawa, urefu na eneo husema jambo lilelile, ndiyo maana kosa hili hujificha. Kuondoa nafasi kati ya mihimili kwenye Excel, kwa kuweka Gap Width 0%, hakulitibu, kwani mihimili inabaki na upana uleule.

Hata makundi yakilingana, upana wenyewe ni uamuzi mzito. Sensa nyingi za Afrika hukutana na watu wasiojua tarehe zao za kuzaliwa, na wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Ukichora umri kwa mwaka mmoja mmoja, mihimili ya 30, 35 na 40 inachomoza juu ya jirani zake. Ukichora kwa miaka mitano mitano, vilele hivyo vinamezwa na umbo linalainika. Kwa hiyo mchambuzi makini huanza na mwaka mmoja mmoja, akague ubora wa majibu, ndipo apanue makundi asome umbo la idadi ya watu.