Wastani wa Matawi Haujumlishwi

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye matawi matatu: Arusha mjini, Karatu na Mto wa Mbu. Mwisho wa mwezi kila tawi linatuma makao makuu namba moja, yaani wastani wa mkopo mmoja uliotolewa. Mhasibu anaziingiza namba tatu kwenye Excel, anazijumlisha, anagawa kwa tatu, na ripoti inakwenda kwenye bodi: wastani wa mkopo katika chama kizima ni shilingi 1,200,000. Wiki inayofuata Mto wa Mbu wanaleta mikopo 60 ya mwezi uleule iliyochelewa kuingizwa. Mhasibu anaiongeza, anabofya `Refresh`, na wastani wa chama unashuka hadi 950,000.

Robo milioni imeondoka kwenye kila mkopo, na hakuna aliyekosea kuandika tarakimu wala fomula iliyoharibika. Bodi ikimuuliza mhasibu ni namba ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli, jibu ni kwamba hakuna. Ile ya kwanza haikuwa sahihi, na hii ya pili nayo si sahihi.

Ili kuona kwa nini, inabidi tufungue madaftari ya matawi na kuangalia namba ambazo hazikutumwa. Kabla ya mikopo iliyochelewa kuingia, hali ilikuwa hivi:

| Tawi | Idadi ya mikopo | Jumla (shilingi) | Wastani (shilingi) |
|---|---|---|---|
| Arusha mjini | 400 | 320,000,000 | 800,000 |
| Karatu | 80 | 96,000,000 | 1,200,000 |
| Mto wa Mbu | 20 | 32,000,000 | 1,600,000 |

Chama kilitoa mikopo 500 yenye jumla ya shilingi 448,000,000. Gawa jumla kwa idadi, unapata wastani wa kweli: shilingi 896,000. Ile 1,200,000 iliyopelekwa kwenye bodi imezidi kwa zaidi ya laki tatu.

Kosa limetokea pale mhasibu alipogawa kwa tatu. Kwa kufanya hivyo ameyapa matawi yote uzito uleule, ingawa mikopo minne kati ya kila mitano ilitolewa Arusha mjini. Ni kama kikao ambacho mjumbe wa kaya ya watu wawili na mjumbe wa kaya ya watu arobaini wana kura moja moja, halafu matokeo yakatangazwa kuwa ni maoni ya wanakijiji wote. Mikopo 20 mikubwa ya Mto wa Mbu imevuta namba ya chama sawasawa na mikopo 400 midogo ya wachuuzi wa mjini.

Madhara yake yanaonekana bodi inapoitumia namba hiyo kupanga fedha. Ikitarajia waombaji 500 mwezi ujao na kuzidisha kwa 1,200,000, itatenga shilingi milioni 600. Mikopo 500 ya kweli ilihitaji milioni 448. Milioni 152 zinakaa zikisubiri waombaji wasiokuwapo, wakati zingeweza kurudisha akiba za wanachama wanaojitoa au kulipa deni la chama benki.

Sasa turudi kwenye ile mikopo 60. Tuseme ni mikopo midogo ya pembejeo za mpunga, jumla yake shilingi milioni 36, sawa na 600,000 kwa kila mkopo. Ikishaingia, Mto wa Mbu inakuwa na mikopo 80 yenye jumla ya milioni 68, na wastani wa tawi unashuka kutoka 1,600,000 hadi 850,000. Kwa kuwa tawi hilo limepewa theluthi nzima ya uzito, anguko lake linaishusha namba ya chama kutoka 1,200,000 hadi 950,000. Lakini wastani wa kweli umesogea kidogo tu: milioni 484 kwa mikopo 560 ni kama shilingi 864,286. Badala ya kushuka kwa 250,000, umeshuka kwa 32,000 hivi.

Cha kutisha zaidi kinajitokeza ukiurudisha wastani kuwa jumla. Kabla ya kusasisha, 1,200,000 mara mikopo 500 ilionyesha milioni 600. Baada ya kusasisha, 950,000 mara mikopo 560 inaonyesha milioni 532. Yaani chama kimeongeza mikopo 60, na ripoti inasema fedha zilizokopeshwa zimepungua kwa milioni 68. Pengo kati ya ripoti na vitabu nalo limebadilika, kutoka milioni 152 hadi milioni 48. Ndiyo maana kosa hili haliwezi kurekebishwa kwa kupunguza kiasi fulani kilekile kila mwezi. Linabadilika kila takwimu mpya zinapoingia, kwa sababu matawi hayapokei takwimu mpya kwa kiwango kimoja.

Dawa yake ni kubadilisha kinachotumwa. Kila tawi litume namba mbili, idadi ya mikopo na jumla ya fedha, na wastani usikokotolewe hadi hatua ya mwisho. Idadi hujumlishwa na idadi, jumla hujumlishwa na jumla, kisha kugawanya kunafanyika mara moja tu. Kwenye jedwali lenye idadi katika safu ya B na jumla katika safu ya C, fomula ni hii:

```
=SUM(C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Uzuri wa namba hizi mbili ni kwamba zinapokea marekebisho bila kuharibika. Mikopo iliyochelewa ikija, 20 ongeza 60 ni 80, na milioni 32 ongeza milioni 36 ni milioni 68. Mkopo ukifutwa, unatoa moja kwenye idadi na kiasi chake kwenye jumla. Jaribu kufanya hivyo kwa wastani peke yake: 1,600,000 na 600,000 ukizijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 1,100,000, wakati wastani halisi wa tawi ni 850,000. Ukiwa na wastani bila idadi yake, huwezi kujua ulibeba mikopo mingapi, na kwa hiyo huwezi kuongeza wala kupunguza kitu.

Wanaotumia jedwali egemeo la Excel wana mtego wa ziada. Ukiiweka safu ya wastani kwenye sehemu ya `Values` na kuchagua `Average`, mstari wa `Grand Total` utatoa wastani wa mistari iliyomo kwenye takwimu zako, na mistari hiyo ni matawi, si mikopo. Njia salama ni kuingia `PivotTable Analyze`, kisha `Fields, Items, & Sets`, kisha `Calculated Field`, na kuandika:

```
=Jumla/Idadi
```

Hapo Excel hujumlisha kwanza kila safu, halafu ndipo inagawa, kwenye mstari wa tawi na hata kwenye mstari wa jumla kuu. Angalia pia kwamba idadi ya mikopo imewekwa kwenye `Sum` na si `Count`, maana `Count` itahesabu mistari ya matawi na kukupa 3 badala ya 500.

Kwa wenye hifadhidata kanuni ni ileile. Usiandike `AVG(wastani)` juu ya jedwali la muhtasari. Andika:

```sql
SELECT SUM(jumla) * 1.0 / NULLIF(SUM(idadi), 0)
FROM muhtasari_matawi;
```

Hiyo `NULLIF` inazuia kugawa kwa sifuri endapo hakuna mkopo wowote uliotolewa. Sifuri inahitaji uangalifu wa pekee. Tuseme chama kimefungua tawi la nne Monduli, na mwezi wa kwanza halijatoa mkopo. Wastani wake hauwezi kukokotolewa, na Excel itaonyesha `#DIV/0!`. Wengi huifunika hitilafu hiyo kwa `IFERROR` na kuweka 0. Kwa kuwa `AVERAGE` huruka kisanduku kitupu lakini huihesabu sifuri, wastani wa wastani utakuwa 712,500, chini ya matawi yote yaliyotoa mikopo, ilhali wastani wa kweli hauwezi kuwa mdogo kuliko wa tawi la chini kabisa. Ukitumia idadi na jumla, Monduli inaongeza sifuri juu na sifuri chini, na 864,286 inabaki palepale.

Unawezaje kujua kama ripoti uliyoletewa ina kosa hili? Kuna vipimo viwili ambavyo hata mjumbe wa bodi asiyejua kompyuta anaweza kuviomba. Cha kwanza ni kuzidisha wastani kwa idadi ya mikopo na kulinganisha jibu na jumla iliyo kwenye vitabu. Zikitofautiana kwa zaidi ya kile kinachoweza kuletwa na kukadiria tarakimu za mwisho, kuna mahali wastani umepigiwa wastani. Cha pili ni kupanga upya mafungu: kokotoa wastani wa chama kwa kupitia matawi, halafu kwa kupitia maafisa mikopo, halafu kwa kupitia wiki. Idadi na jumla zitatoa jibu moja kwa njia zote tatu, maana mikopo ni ileile. Wastani wa wastani utatoa majibu tofauti kadiri unavyobadilisha mafungu.

Kosa moja linaweza kupenya kwenye vipimo vyote viwili ukichukua idadi na jumla kutoka kwenye ripoti yenyewe: mikopo iliyochelewa ikiingizwa mara mbili, idadi na jumla vyote vinapanda, na wastani unaweza kuonekana wa kawaida. Kwa hiyo idadi yenyewe lazima ilinganishwe na daftari la mikopo la tawi, nayo jumla ilinganishwe na leja. Ni salama zaidi tawi kutuma upya takwimu za mwezi mzima na kufuta za zamani kuliko kutuma nyongeza.

Njia hii ina mipaka yake. Mkopo wa katikati, ule unaoupata ukiipanga mikopo yote kuanzia mdogo hadi mkubwa, hauwezi kutoka kwenye idadi na jumla. Unahitaji orodha ya mikopo yenyewe. Idadi ya wakopaji nayo haijumlishwi hivihivi, kwa sababu mwanachama aliyekopa Karatu na Arusha mjini atahesabiwa mara mbili. Hapo utahitaji namba za uanachama. Na yapo maswali ambayo wastani wa wastani ndio jibu lake: ukitaka kujua tawi la kawaida linafanyaje kazi, bila kujali ukubwa wake, kila tawi linastahili uzito sawa. Ila ripoti iseme hivyo waziwazi, na namba hiyo isizidishwe kwa idadi ya mikopo.

Kwa chama kinachotaka kuanza mwezi ujao, kazi haianzii kwenye kompyuta ya makao makuu. Inaanzia kwenye fomu ya mwezi inayojazwa na matawi. Safu ya wastani iondolewe, na mahali pake ziwekwe safu mbili, idadi na jumla, zilizosainiwa na meneja wa tawi baada ya kuzilinganisha na daftari lake.