Baada ya tetemeko kubwa: kuhesabu mitetemeko inayofuata wakati mwendo wake unabadilika

Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wa kusini wa ziwa Kivu. Watu walikufa Bukavu, na wengi zaidi ngʼambo, upande wa Rwanda. Nyumba zilipasuka. Siku zilizofuata, wakaaji wengi waliogopa kulala ndani, kwa sababu udongo uliendelea kutikisika. Kila mara jambo kama hili linapotokea, swali ni lile lile mu kila avenyu: "Itatikisika mara ngapi tena? Na lini tutarudia mu nyumba?"

Hakuna mtu anayeweza kutaja saa ya mtetemeko utakaofuata. Lakini kuhesabu ni ngapi, kwa wastani, zinangojewa kesho ama juma lijalo, hiyo inawezekana. Njia yake inafaa kujulikana, sababu watu wengi wanakosea hapo.

Kosa la kwanza ni hili: mtu anasikia kwamba siku ya kwanza mashini za kupima mitetemeko, zile sismografi, ziliandika 42. Anazidisha mara 7 na kusema juma litakuwa na karibu 300. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama udongo ungetikisika kwa mwendo mmoja siku zote. Lakini mwendo haubaki mumoja. Unashuka, na unashuka kwa namna inayojulikana.

Aliyeiona ni Mjapani, Fusakichi Omori. Mu mwaka 1894 alitoa mahesabu ya mitetemeko iliyofuata tetemeko kubwa la Nobi, la Oktoba 1891. Aliona kwamba idadi ya kila siku inapungua kadiri siku zinavyopita: siku ya kumi ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwanzo, siku ya mia ni karibu sehemu moja ya mia. Mpaka leo wataalamu wanaanzia kwa kanuni yake, hata kama ilirekebishwa kidogo nyuma.

Tuchukue mfano. Namba hizi si za Bukavu, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme mwendo, kwa siku, ni huu, na t ni siku zilizopita tangu tetemeko kubwa:

60 / (1 + t)

Dakika ya kwanza kabisa, t ni sifuri, mwendo ni 60 kwa siku. Lakini hiyo 60 haidumu siku nzima. Saa 24 zikiisha, mwendo umefika 30. Mwisho wa siku ya tatu ni 15. Mwisho wa siku ya saba ni 7 na nusu. Ni kama mwendo wa gari inayopunguza kidogo kidogo: huwezi kujua umesafiri kilometa ngapi kwa kuangalia kompteri mara moja tu. Inabidi kukata safari vipande vidogo, kila kipande mwendo wake mara muda wake, kisha kujumlisha vyote.

Njo kazi yenyewe. Kata siku saa kwa saa. Saa ya kwanza mwendo ni karibu 60 kwa siku, ni kusema 2 na nusu kwa saa. Saa inayofuata ni kidogo chini, na ingine chini zaidi. Jumlisha saa zote 24, unapata karibu 42. Ukichora mwendo kwenye karatasi kama mstari unaoteremka, jumla hiyo ni eneo lililo chini ya mstari, kati ya saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wastani wa idadi ni eneo lile, basi. Kwa mstari wetu kuko njia fupi, kwa logaritimu asilia:

60 × ln[(1 + mwisho) / (1 + mwanzo)]

Kwa juma la kwanza, mwanzo ni 0 na mwisho ni 7. Ndani ya mabano inakuwa 8, na jibu ni karibu 125. Si 300. Kwa juma la pili, kutoka siku 7 mpaka 14, ni 15 kugawanya kwa 8, na jibu ni karibu 38.

Kosa la pili linafichika zaidi. Mtu anachukua 125, anagawanya kwa 7, anasema "18 kila siku". Jumla yake ni ya kweli lakini siku zake ni za uongo: siku ya kwanza ilikuwa na 42, siku ya saba inangojewa 8 tu. Anayepanga lini watoto warudie mu masomo anahitaji ile 8.

Kuko kitu kingine ndani ya hesabu hii, na pengine kinaeleza kwa nini watu wanasema "haiishi". Siku ya kwanza: 42. Siku mbili zinazofuata, zote pamoja: 42 tena. Siku ine zinazofuata: 42. Siku nane zinazofuata: 42. Idadi ni ile ile, ila kila mara muda unajikunja mara mbili. Hakuna siku moja ambapo mtu anaweza kusema imekatika. Inaachana tu.

Sasa, wastani wa 38 haumaanishi kwamba itakuwa 38. Kama mitetemeko inatokea bila moja kuita ingine, idadi inafuata kanuni ya Mfaransa Poisson, na kanuni hiyo inatoa kipimo cha kutawanyika: kipeuo cha pili cha wastani. Kwa 38 ni karibu 6. Kuanzia 26 mpaka 50 hakuna cha kushangaza. Ikifika 80, mstari wenyewe haufai tena, kitu kimebadilika chini.

Kanuni hiyo inajibu pia swali la usiku. Tuseme usiku wa kwanza wa juma la pili, saa 12 tu. Eneo chini ya mstari ni karibu 3.6. Lakini hiyo ni ile inayoandikwa na mashini. Tukichukua kwamba moja kwa kumi ndiyo inasikika na watu, inabaki 0.36. Uwezekano wa kulala bila kusikia hata moja ni e^(−0.36), karibu 0.7: usiku 7 kwa 10. Hiyo haisemi kama ukuta uliopasuka utasimama, hilo ni swali la fundi.

Shida zinaanza hapa. Saa za kwanza, mitetemeko inafuatana haraka sana na mashini zinakosa ile midogo, kwa hiyo mwanzo wa mstari unaonekana chini kuliko ukweli. Tena mtetemeko mmoja wenye nguvu unaweza kuzaa ingine yake, na hesabu inaanza upya kutoka juu.

Na volkano ni jambo lingine. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, Goma na Gisenyi zilitikisika siku nyingi, mpaka tarehe 27 amri ikatoka ya kuhamisha sehemu ya mji. Pale, magma ilikuwa inatembea chini ya mji kuelekea ziwa, na mwendo wa mitetemeko ulifuata magma, si saa iliyopita tangu mlipuko. Eneo chini ya mstari bado ndilo linatoa wastani, ila mstari wenyewe inabidi uchorwe upya kila siku, kwa kile mashini zinaandika siku ile.